Barua Iliyobeba Jina

Nilistaafu baada ya miaka ishirini na minane masijala, nikaondoka na vitu viwili: maumivu ya mgongo na dharau kwa watu wasiojua kuomba faili. Mtu angesimama dirishani aseme, "Natafuta mambo ya babu yangu," nami ningemjibu kwamba hapa hatuhifadhi mababu, tunahifadhi faili. Niambie faili ya nini, ya mwaka gani, ilifunguliwa na nani. Watu walinichukia, na sikuwalaumu. Lakini aliyenisikiliza alitoka na karatasi yake mkononi, na aliyekuja na kilio peke yake alirudi nacho nyumbani.

Sasa nina kibanda cha kuandika barua mjini Migori, nyuma ya soko, chenye kompyuta moja na printa inayokula karatasi. Barua ninazozipenda ni zile za kuomba habari kutoka ofisi za serikali. Nina mtindo wangu. Aya ya kwanza inataja Ibara ya 35 ya Katiba, kwamba kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola. Inafuata Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kifungu cha nane, kwamba ombi ni hili na limeandikwa. Kisha rekodi zenyewe, kwa aina na kwa tarehe, ili afisa asipate mwanya wa kusema hakuelewa. Mwisho kifungu cha tisa: jibu ndani ya siku ishirini na moja tangu barua ipokewe. Naambatisha nakala ya kitambulisho, maana haki hiyo ni ya raia, na nambari ya simu. Sababu ya kuomba siandiki. Sheria haimdai mtu sababu, na nimeona sababu nzuri zikiwapa maofisa njia ya kukataa. Kwa barua ya namna hii nilimpatia mfanyabiashara mmoja wa Isebania orodha ya vibanda aliyokuwa amefichwa miezi sita, na kwa wiki nzima nilitembea mjini kama niliyeshinda uchaguzi.

Nilikuwa bado na kiburi hicho alipokuja yule mama kutoka Karungu.

Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, aliyevaa kitambaa cheupe cha kanisa lake kichwani, na aliketi bila kuombwa. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa mvuvi. Miezi miwili nyuma upepo ulipindua mashua yao. Mwenzake alishikilia mtungi wa plastiki hadi akaokolewa. Kijana hakuonekana. Walitafuta ufuo kwa ufuo, wakaandikisha polisi, wakapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, na mambo yakaishia hapo. Kisha mchuuzi wa samaki akamletea habari kwamba maji yalitupa mwili wa mwanamume upande wa Homa Bay, na polisi wa huko wakaupeleka hospitali.

"Nikaenda," aliniambia. "Huyo wa mochari akanifungulia wawili. Hakuna wangu. Nikamuuliza kama kuna wengine walipita hapo. Akasema hiyo iko kwa kitabu, na kitabu si ya kila mtu. Andikia bosi barua. Sasa, karan, wewe ndiyo unajua barua."

Karan ni karani kwa Kijaluo, na ndivyo alivyoniita hadi mwisho. Mimi nilimwita mama, ingawa tulikaribiana umri.

Nyumbani kwake walikuwa wamechoka kungoja. Mtu wa kwetu akipotelea majini asipatikane, huzikwa tunda la yago badala yake, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba mtini. Linalazwa kaburini kama mwili, watu wanalia, mambo yanakwisha. Shemeji zake walikuwa wameshachagua tunda. Yeye alikataa. Alisema hatazika tunda wakati mtoto wake huenda amelala kwenye jokofu la watu. Alichotaka ni kumleta nyumbani, amlaze kushoto mwa lango la boma, basi. Hilo ndilo lililokuwa mezani pangu asubuhi ile, na nililielewa vizuri sana, kwa hiyo siwezi kujitetea kwa kutoelewa.

Nilianza kwa kumweleza muda. Nilimwambia sheria ina siku ishirini na moja, na ina saa arobaini na nane. Zile saa ni za habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu.

"Yaani kama ni mzima, siku mbili," akasema. "Kama amekufa, wiki tatu."

"Ndivyo wanavyoisoma, mama. Tunaweza kujaribu kuandika zile saa. Wewe unaamini nini?"

Alitazama mlango. Kwa miezi miwili, nilikuja kujua baadaye, hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba mwanawe amekufa. Hata kanisani alisema "amechelewa". Niliona mikono yake ikikunja na kukunjua pindo la leso.

"Mimi sidanganyi kwa karatasi," akasema. "Andika ishirini na moja."

Nikaandika. Kisha nikaanza kugombana na printa, ili asinione uso.

Kisha tukafika kwenye rekodi zenyewe, na hapo ndipo tulipokosana. Nilimsomea nilichoandika: nakala za kurasa za rejista ya mochari zinazohusu miili ya wanaume wasiojulikana, iliyopokelewa kati ya tarehe fulani na fulani, na mahali kila mmoja ulipopelekwa.

"Wanaume gani?"

"Wasiojulikana."

"Wuoda anajulikana," akasema. Wuoda ni mwanangu. "Ako na jina. Mimi ndiyo nilimpa. Ako na kanisa, ako na mama, ako na ID. Hakuna mtu hajulikani kwao, karan."

Nilimweleza kwamba hilo si tusi, ni neno la kitabu tu. Mwili uliotolewa majini bila kitambulisho huandikwa hivyo. Akaniuliza kama mimi nikipotea ningependa mke wangu aende kuuliza "mzee asiyejulikana". Nikamwambia mke wangu angeniuliza kwa majina mabaya zaidi. Hakucheka. Alisema hataweka sahihi yake chini ya neno hilo. Kwetu mtu akifa anaitwa kwa jina lake, kwa sauti, langoni, hata na watu ambao hawakumpenda. Kumtafuta bila jina, alisema, ni kumtafuta kama ng'ombe.

Ningeweza kushikilia. Ningeweza kuandika vyote viwili, jina na rejista ya wasiojulikana, na kumsihi hadi akubali. Miaka ishirini na minane ilikuwa imenifundisha jambo moja, kwamba kitabu hutafutwa kwa namna kilivyoandikwa, si kwa namna unavyompenda aliyemo. Lakini alikuwa analia, na mimi si jasiri mbele ya machozi. Isitoshe, nilimwonea aibu kwa kumlazimisha kuzitaja zile siku ishirini na moja. Nikafuta mistari yangu mizuri, nikaandika: "Naomba rekodi zote zilizo mikononi mwa hospitali kuhusu mwanangu," kisha jina lake kamili, majina matatu, kwa herufi kubwa. Nilipomsomea alitikisa kichwa kukubali. Lilionekana vizuri kwenye karatasi, na niliridhika nalo, Mungu anisamehe.

Tulikwenda naye Homa Bay siku ya Jumanne, kwa sababu sikuamini barua itapokewa bila vita. Vita nilivipata. Nyuma ya meza ya mapokezi ya utawala alikuwa kijana aliyevaa tai.

"Mzee, hii barua iko kwa Kiswahili. Sisi hapa tunatumia English."

Mama alitaka barua anayoielewa mwenyewe, kwa hiyo niliiandika Kiswahili, na ukweli ni kwamba nilikuwa nikiliombea swali hilo. Nilitoa nakala yangu ya sheria, iliyokunjika pembe zote, nikamsomea kifungu cha nane: ombi litakuwa kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Nikamuuliza kama anataka nimsomee tena. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Akaingia ndani, akatoka na dada mmoja wa ofisi ya kumbukumbu, mwanamke mpole mwenye miwani, aliyesoma barua yote akiwa amesimama.

"Iko sawa," akasema. "Barua hizi zinaenda kwa msimamizi wa hospitali, yeye ndiye afisa wa habari kisheria. Lakini mimi ndiye nitakayetafuta."

Alipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu, wenye tarehe, bila kutudai chochote. Nilitoka nje kifua mbele. Nilimweleza mama kwamba muhuri ule ndio saa yetu, umeanza kuhesabu, na Jumapili nazo zimo. Njia nzima nilikuwa nikisimulia nilivyomnyamazisha yule kijana wa tai. Sikuwaza hata mara moja kile ambacho dada yule angetafuta, au angekitafuta vipi.

Kibandani nilining'iniza kalenda na kuanza kukata siku. Mama alikuwa akija kila alipoleta omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Hakuuliza mengi. Siku ya kumi na nne, Jumanne nyingine, alisimama mlangoni na beseni kichwani.

"Bado?"

"Bado wiki moja, mama. Sheria iko upande wetu. Wakikosa kujibu, kisheria wamekataa, na mimi nitakwenda juu yao kwa Tume, ile inayosikiliza malalamiko ya walionyimwa habari."

"Na wewe ukisema hivyo mimi naamini," akasema, akaenda zake.

Siku hiyo naikumbuka kuliko siku niliyooa. Nilikunywa chai ya maziwa, nilimwandikia mwalimu mmoja barua ya uhamisho, na mchana mvua ilinyesha kidogo.

Jibu lilikuja siku ya ishirini na moja, kwa heshima zote, aya mbili. Baada ya kupekua rejista, hospitali haina rekodi ya mtu mwenye jina hilo, si aliyelazwa, si aliyefikishwa mochari. Barua ilieleza pia kwamba asiyeridhika ana siku thelathini za kuomba Tume ipitie uamuzi. Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa la kupiga kelele juu yake. Halikuwapo. Tume ingepitia nini? Walikuwa wameulizwa swali na wamelijibu kweli. Uongo ulikuwa kwenye swali, na swali nililiandika mimi.

Nilipomweleza, nilitaka kusema "nilikuambia". Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililimeza, si kwa wema, ila kwa sababu nilijua angeniuliza mbona sikumkatalia wakati ule. Nikasema tu kwamba itabidi tuandike upya, kwa neno lile.

Hakubisha. Hilo liliniumiza zaidi. Alikaa akiniangalia nikipiga chapa, nikamsomea hadi mwisho: wanaume wasiojulikana, kurasa kati ya tarehe fulani na fulani, mavazi na alama zilizoandikwa, na mahali kila mwili ulipohamishiwa. Alichukua kalamu. Aliweka sahihi polepole, herufi moja moja, kama mtu anayetia sahihi chini ya kesi aliyoshindwa.

"Anisamehe," akasema. Hakuwa akiniambia mimi.

Safari hii kijana wa tai alitupokea bila neno. Siku ya tisa simu ililia. Dada wa miwani alisema nakala ziko tayari, tukachukue.

Alitupa kurasa tatu, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye mstari. Mwanamume asiyejulikana, mtu mzima. Ameletwa na polisi kutoka ufuoni. Fulana ya kijani iliyochanika. Kaptura nyeusi, mfuko wa kulia umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mama alitoa sauti ndogo. "Nilikosa mweusi," akasema. "Uzi mweusi iliisha. Akaniambia ni sawa tu, mama, samaki hawaangalii."

Mstari uliendelea. Kwa sababu jokofu liliharibika, mwili ulihamishiwa mochari nyingine pamoja na mingine mitatu. Tarehe. Ndiyo maana yule mhudumu hakuwa naye wa kumfungulia. Na ukurasa wa mwisho, ulioletwa kutoka huko kwa kufuatilia ile safu ya kuhamishwa, ulisema: baada ya tangazo kutolewa na muda kupita bila mtu kujitokeza, na kwa amri ya mahakama, miili isiyodaiwa imezikwa pamoja katika makaburi ya umma. Tarehe ya kuzikwa ilikuwa Jumanne.

Mimi hukariri tarehe, ni ugonjwa wa kazi. Sikuhitaji kalenda. Ilikuwa siku ya kumi na nne ya barua ya kwanza, Jumanne ya chai ya maziwa, alipokuja na beseni nami nikamwambia sheria iko upande wetu. Mwanawe alikuwa akizikwa siku hiyo hiyo, pengine mvua hiyo hiyo iliwanyeshea wachimbaji.

Dada wa miwani hakujua alichokuwa akikifanya. Alitaka kutusaidia kwa siku nyingine. "Mzee, mkiandika hivi toka mwanzo inakuwa rahisi," akasema. "Mambo ya rejista mimi sichukui hata siku kumi. Ile ya kwanza nilitafuta jina mpaka kwa vitabu vya wodi. Nilitafuta sana, kweli."

Nilimwamini. Alitafuta sana, kwa jina, kama tulivyomwomba. Rejista ingechukua siku tisa au kumi, na mwanawe alikuwa na siku kumi na nne kabla ya kuzikwa. Nilijifanya kusoma ubao wa matangazo. Mama hakuniangalia. Sijui hadi leo kama alihesabu. Nadhani alihesabu, maana anauza omena kwa mikebe na hakosei.

Niliulizia habari ya kumfukua. Inahitaji amri ya mahakama, na kaburi ni moja lenye watu kumi na mmoja, waliolazwa bila alama ya nani ni nani. Wakili mmoja aliyenihurumia alisema tunaweza kujaribu, kwa sauti ya mtu anayetaka usijaribu.

Nilimsindikiza Karungu kuwaeleza wakwe zake, kwa sababu karatasi ilihitaji msomaji. Niliwasomea tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki uani. Shemeji mkubwa alisikiliza, akaomba nirudie mahali pa kuzikwa. Nikarudia.

"Basi amezikwa," akasema.

"Amezikwa," nikasema.

"Tungezika yago. Tunda lilikuwa tayari. Lakini yago ni ya mtu hajapatikana. Huyu amepatikana, serikali imemzika. Mtu hazikwi mara mbili." Hakusema kwa ubaya. Aliinama akaokota kijiti, akakivunja. "Hii karatasi yako, karan, imetufungia mlango."

Kwa hiyo hakupata mwana, na tunda pia hakulipata. Kabla sijamwandikia, alikuwa na moja kati ya hayo mawili kwa uhakika. Watu huniambia nilifanya nilichoweza. Ni maneno ya adabu, na huwa nawashukuru, lakini hayana ukweli. Nilijua zaidi ya nilichofanya.

Alikuja kibandani mara moja tu baada ya hapo. Hakuwa na beseni. Alinyoosha ile nakala ya rejista mezani na kuniuliza kama ninaweza kuwaandikia barua ya tatu, wabadilishe mahali hapa, waweke jina lake.

Nilimweleza kama ilivyo. Sheria inampa mtu haki ya kuomba habari zinazomhusu yeye mwenyewe zirekebishwe. Hizi zinamhusu mwanawe, na mwanawe hawezi kuomba. Watataka uthibitisho wa kitaalamu kutoka kwenye mwili, na mwili umechanganyika na wengine. Uzi mwekundu hautawatosha. Niliyasema yote hayo kwa sauti yangu ya dirishani, kwa sababu nyingine ilikuwa imekwisha.

"Sawa," akasema. "Nipe kalamu."

Masijala nilikuwa mkali sana juu ya jambo hili. Aliyeandika juu ya rekodi nilimfukuza ofisini, hata awe mkubwa wa idara. Nikampa kalamu. Alikata lile neno, asiyejulikana, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika majina matatu kwa herufi kubwa, kama nilivyoyaandika mimi kwenye barua ya kwanza. Alipuliza wino ukauke. Kisha aliomba nimtolee nakala mbili, moja ya kanisani na moja ya kuweka chini ya godoro.

Nikamtolea. Printa haikula karatasi siku hiyo. Alizikunja, akaniaga kwa mkono, akaenda kituoni. Lakini ile ilikuwa nakala tu. Kitabu chenyewe kiko Homa Bay, kwenye rafu, kimeandikwa vizuri na hakina kosa lolote la kisheria, na ndani yake bado hajulikani.